Uzi: Nimelipia bima kubwa kamili, mbona laki mbili ya kwanza ya kila ajali ni juu yangu?

#1 Mgeni_wa_Usukani
Habari wakuu. Ndiyo mara ya kwanza nakata bima kubwa, nipo Dodoma. Gari ni IST, thamani imewekwa milioni 14. Wakala kanipigia hesabu: asilimia 3.5 ya thamani ni 490,000, ongeza VAT ya asilimia 18, jumla 578,200. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni huu. Fomu ina maswali utadhani naomba uraia: gari linalala wapi, nani mwingine analiendesha, ni la binafsi au la biashara, umepata ajali ngapi miaka ya nyuma. Halafu akaja kijana na simu, akapiga picha kila kona mpaka mkwaruzo wa bampa ya nyuma ambao hata mke wangu hajauona. Kilichonimaliza ni kile wanachoita eksesi: asilimia 10 ya kila dai, isipungue 200,000. Yaani nalipa, halafu nikigonga, laki mbili ya kwanza natoa tena mimi. Nieleweshwe kwa Kiswahili cha nyumbani, kabla ya Ijumaa ya kusaini.

#2 Nzi_wa_Majengo
Jibu fupi: wanapokea kwa mikono miwili, wanalipa kwa ncha ya kidole. Uzi ufungwe.

#3 Dereva_wa_Ihumwa
Nzi acha utani. Tatizo ni sisi Watanzania, matapeli wengi. Mtu gari limechoka, analigongesha makusudi alipwe. Ndiyo maana kampuni zinamshuku kila mteja. Ushauri wangu, Mgeni, kata bima ndogo tu ya 118,000, itakutosha, ukigongana wanakutengenezea.

#4 Bi_Tathmini
Dereva, tuanze na hilo la mwisho kabla halijamponza mtu. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga na mali yake. Gari lako wewe likipinda, gharama ni yako kuanzia shilingi ya kwanza. 118,000 ni laki moja na VAT yake kwa gari binafsi, na kinga yake ni ya mtu wa tatu tu.

Sasa la utapeli. Utapeli upo, lakini hayo anayoyalalamikia Mgeni yangekuwepo hata kama wateja wote wangekuwa mashehe na mapadri. Kampuni ina hofu mbili, na hakuna hata moja inayohitaji mtu mwongo.

Hofu ya kwanza ni ya kabla ya kusaini. Wewe unaijua safari yako, kampuni haiijui. Unajua kama gari linatoka Kisasa kwenda Mtumba saa mbili asubuhi na kurudi jioni, au linakwenda Singida usiku kila Ijumaa kupitia Bahi na Manyoni ambako ng'ombe wanalala barabarani. Kwa bei ileile, nani ataikimbilia bima kwanza? Huyo wa Manyoni. Hajadanganya mtu, kafanya hesabu yake tu. Maswali ya fomu ni ya hofu hii.

Hofu ya pili ni ya baada ya kusaini. Mtu yuleyule aliyekuwa akiliingiza gari ndani na kufunga geti kwa kufuli mbili, sasa analiacha nje kwa sababu "lina bima". Hajawa mtu mbaya, kalegea. Eksesi ni ya hofu hii. Picha zinagusa zote mbili: zinaonyesha umekuja na nini, ili mkwaruzo wa mwaka jana usije ukazaliwa upya mwezi ujao.

#5 Nzi_wa_Majengo
Kwa hiyo mkwaruzo wa Mgeni una cheti cha kuzaliwa sasa. Hongera sana.

#6 Mgeni_wa_Usukani
Asante Bi Tathmini. Hofu ya pili nimeipata. Ya kwanza bado. Kama dereva wa Manyoni anagharimu zaidi, si wapandishe bei kidogo kwa wote, yaishe? Maswali ya nini?

#7 Ticha_Hesabu
Mgeni, hicho ndicho kinachoua bima. Twende kwa namba. Nimezitunga, usizipeleke kwa wasimamizi wa bima, TIRA.

Chukua IST 100, zote za milioni 14. Themanini ni za watu watulivu: ukijumlisha ajali zao za mwaka na kugawanya, kila mmoja anagharimu 250,000. Ishirini ni za barabara ndefu na usiku, kila moja inagharimu 1,000,000. Jumla ya hasara ni milioni 20 za watulivu na milioni 20 za wale wengine, yaani milioni 40. Gawa kwa 100, unapata 400,000. Kampuni inaongeza 90,000 ya ofisi, wakala na faida. Bei 490,000 kwa wote, bila swali lolote.

Mtulivu anajijua. Anasema hasara yangu ni kama laki mbili na nusu, niko tayari kulipa hata 350,000 nilale usingizi, lakini 490,000? Sema arobaini kati ya wale themanini wanaamua kubaki na bima ndogo. Sasa kampuni imebakiwa na watu 60: watulivu 40 wenye hasara ya milioni 10, na wale 20 na milioni 20 zao. Milioni 30 kwa watu 60 ni 500,000 kila mmoja. Ongeza 90,000, bei mpya 590,000.

Watulivu 40 waliobaki wanaiona 590,000 na kuondoka. Wamebaki 20, bei 1,090,000.

Tazama kilichotokea. Kampuni imepandisha bei mara mbili bila tamaa. Wateja hawakuiba. Na watu themanini waliokuwa tayari kulipa 350,000, ambao kuwahudumia kungegharimu 340,000, hawana bima. Swali la "gari linalala wapi" lingewaokoa, kwa sababu wangetengewa bei yao.

#8 Shangazi_Nkuhungu
Ticha, watu hawaondoki kirahisi namna hiyo. Wengi hawajui hata hasara yao ya mwaka ni ngapi. Mimi ningejuaje kama mimi ni wa 250,000?

#9 Ticha_Hesabu
Hoja nzito, Shangazi. Kwa magari mporomoko huwa haufiki mwisho, kwa sababu hiyo unayoitaja na kwa sababu wakopeshaji wengi wanamlazimisha mkopaji akate bima kubwa. Lakini mahali ambapo watu wanaijua hali yao vizuri, umeonekana. Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, katikati ya miaka ya 1990, kilibadili mpango wa bima ya afya ya wafanyakazi wake ili anayetaka ule wenye huduma nyingi ajilipie tofauti. Wenye afya wakahamia wa bei nafuu, wagonjwa zaidi wakabaki, bei ikapanda, wengine wakahama. Ndani ya miaka michache ule mpango mkubwa ukafungwa.

#10 Shangazi_Nkuhungu
Basi hapo kwenye afya ndipo hasa nina shida. Binti yangu ana mimba ya miezi minne. Nikimkatia bima ya afya binafsi leo, kujifungua kutalipwa? Nisameheni kama nimeuteka uzi.

#11 Bi_Tathmini
Hujauteka, umeleta mfano bora kuliko wa gari. Bima binafsi nyingi za afya zina muda wa kusubiri kwa uzazi, na kwa kawaida unafika au kuzidi miezi tisa. Fikiria ni kwa nini. Bila huo muda kila mtu angekata bima siku kipimo kinapotoa mistari miwili, na angeacha kulipa mtoto akishazaliwa. Ile si bima tena, ni hospitali ya mkopo inayolipwa na wengine. Kwa hiyo kwa mimba hii, usitegemee. Soma jedwali la mafao, tafuta mstari wa uzazi na muda wa kusubiri. Huo mstari ukikosekana uliza kwa maandishi, usiridhike na "itakuwa sawa mama".

#12 Dereva_wa_Ihumwa
Hii si ndiyo iliyoikuta Toto Afya Kadi? 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, halafu 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasimamishwa, wakaambiwa wapitie shuleni. Watu walilalamika sana.

#13 Ticha_Hesabu
Leo Dereva umepiga penyewe. Mzazi mwenye watoto watatu anamsajili yule mwenye selimundu, wale wazima anawaacha. Kama mzazi, nani atamlaumu? Lakini mfuko wa namna hiyo unajaa watoto wanaoumwa tu. Kuwasajili kupitia shule maana yake mzima na mgonjwa wanaingia pamoja. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, nayo ilifuata njia hiyohiyo: 30,000 kwa kaya ya watu sita, si kwa mtu. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imelifikisha mwisho wake: kila mtu aingie.

#14 Nzi_wa_Majengo
Kwa hiyo dawa ya watu kuchagua ni kuwanyima kuchagua. Kaeni na uchumi wenu.

#15 Ticha_Hesabu
Kwa maneno machache, ndiyo. Hata ile bima ndogo ya gari ni lazima kisheria, japo pale sababu kubwa ni yule utakayemgonga.

#16 fundi_bodi_Chang'ombe
Nimesoma mpaka hapa. Turudi kwenye eksesi, maana Bi Tathmini kaeleza kama mwalimu wa maadili. Sababu ya eksesi si kulegea. Ni gharama ya karatasi.

Gari limekwaruzwa mlango, kunyoosha na kupiga rangi tuseme 120,000. Ili kampuni ilipe hiyo 120,000 inahitaji ripoti ya polisi, mtathmini afike gerejini, makisio ya gereji, barua, mtu wa kuidhinisha, halafu ukaguzi baada ya kazi. Hizo hatua zinaweza kula fedha sawa na mlango wenyewe. Ukiondoa madai yote ya chini ya laki mbili, bei ya kila mtu inashuka. Hakuna maadili hapo.

#17 Bi_Tathmini
Fundi, la karatasi ni kweli tupu. Lakini lingekuwa peke yake, eksesi ingekuwa kiwango kimoja tu, 200,000, basi. Mbona kuna asilimia 10 inayokua na dai? Dai la milioni 3, Mgeni anabeba 300,000. La milioni 6, anabeba 600,000. Karatasi za dai la milioni 6 si mara mbili ya karatasi za milioni 3. Ile asilimia ipo ili uendelee kuumia kidogo kadiri hasara inavyokua.

Chukua maegesho. Mlinzi wa eneo anataka 1,000 kwa usiku, karibu 360,000 kwa mwaka. Bila mlinzi, tuseme saiti mira zinaibwa mara mbili kwa mwaka, kila mara 300,000, na mkataba wako unalipa vifaa vilivyoibwa. Kama hakuna eksesi, mlinzi anakugharimu 360,000 na kukuokolea sifuri. Utamlipa? Humlipi. Kampuni inatoa 600,000 ambayo ingeweza kuzuiwa kwa 360,000, na hiyo 600,000 inarudi kwenye bei za watu wote. Weka eksesi ya 200,000: bila mlinzi unapoteza 400,000 mfukoni mwako. Sasa mlinzi ni nafuu. Hakuna aliyekuhubiria.

#18 Nzi_wa_Majengo
Saiti mira mbili kwa mwaka, hiyo ni Dodoma au Kariakoo?

#19 fundi_bodi_Chang'ombe
Namba yako ya saiti mira imekatwa kulingana na kidonda, Bi. Ukiweka wizi mara moja kwa mwaka, mlinzi hafai hata ukiwa na eksesi. Na gari likigonga ng'ombe pale Bahi, hakuna dereva aliyekuwa anawaza "nina bima". Shingo yake imo ndani ya gari hilo. Watu hawalegei barabarani kwa ajili ya bima.

#20 Bi_Tathmini
Hilo nakubali, kwa sehemu. Kwenye ajali zinazoumiza mwili, kulegea ni kudogo. Kunaonekana kwenye mambo ya pembeni: tairi lililoisha kashata linalosukumwa mwezi mmoja zaidi, mpwa asiye na leseni kupewa funguo aende gengeni, gari kuachwa nje ya baa. Na kama unataka ushahidi usio wangu, lipo lile jaribio la taasisi ya RAND la Marekani la miaka ya 1990, familia zilipewa bima za afya za viwango tofauti kwa bahati nasibu.

#21 Msomaji_wa_Kilimani
Bi, sahihisho dogo: RAND ilianza 1974 ikaisha 1982, si ya 1990. Mengine uko sawa. Waliolipia karibu gharama zote wenyewe mpaka kikomo fulani walitumia kama asilimia 30 pungufu ya wale waliopata matibabu bure. Na kwa sababu walipangwa kwa bahati nasibu, huwezi kusema wagonjwa ndio waliochagua ile ya bure. Hiyo ndiyo thamani yake: imezitenganisha zile hofu mbili.

Ila watu huishia hapo, na haifai. Waliolipia walipunguza matibabu ya lazima na yasiyo ya lazima kwa pamoja. Kwa wengi afya haikutofautiana, lakini maskini wenye shinikizo la damu walifanya vizuri zaidi kwenye kundi la bure. Kwa hiyo "matumizi zaidi" si lazima yawe uzembe. Mengine ni mtu aliyekuwa anajinyima.

#22 Bi_Tathmini
Nimesahihishwa, asante.

#23 Dereva_wa_Ihumwa
Mimi nina ushahidi wa bure usiohitaji Marekani. Fundi, hebu sema ukweli: magari yanayoletwa kwako kunyooshwa, mengi si ya bima kubwa? Basi wenye bima kubwa wanagonga zaidi. Kwisha.

#24 fundi_bodi_Chang'ombe
Ni kweli, kwa kazi kubwa za bodi wenye bima kubwa ni wengi.

#25 Msomaji_wa_Kilimani
Na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Hiyo picha moja ina maelezo matatu yanayofanana kwa nje. Pengine wanaojijua ni wagongaji ndio walionunua bima kubwa. Pengine walionunua walilegea baadaye. Na pengine wanagonga sawa na wengine, ila asiye na bima gari lake likipinda analifunga kamba na kuendelea, halifiki kwa Fundi. Kuhesabu magari gerejini hakuwezi kukuambia ni lipi.

Mbaya zaidi, kuna maelezo ya nne yanayovuta kinyume. Mtu mwoga kwa asili anakata bima kubwa na pia anaendesha taratibu. Wachumi wawili, Chiappori na Salanié, mwaka 2000 walitoa kazi juu ya madereva wapya wa Ufaransa. Walipowalinganisha waliofanana kwa mambo ambayo kampuni inayaona, waliochukua kinga kubwa hawakuonekana kupata ajali zaidi ya waliochukua ndogo. Ama hofu zote mbili ni ndogo pale, ama waoga wanazifunika. Mpaka leo watu wanabishana.

#26 Ticha_Hesabu
Mimi nina sababu ya tatu ya eksesi ambayo Bi na Fundi wameiruka. Inawafanya wateja wajitangaze wenyewe.

Kampuni ikiweka mezani mikataba miwili kwa IST hiyohiyo, mmoja 490,000 wenye eksesi ya 200,000, mwingine 400,000 wenye eksesi ya 700,000, nani anachukua wa pili? Anayeamini hatagonga. Anaokoa 90,000 kila mwaka kwa uhakika, na akigonga anaongeza 500,000. Ukigonga mara moja kwa miaka mitano na nusu unatoka sare. Anayegonga kila mwaka wa pili hausogelei. Bila kumuuliza swali hata moja, kampuni imemjua kila mtu.

#27 fundi_bodi_Chang'ombe
Au wa pili anachukuliwa na asiye na fedha ya ada leo. Akigonga hana hiyo laki saba, gari linakaa kwangu miezi mitatu, kuku wanataga ndani. Hukumjua yeye, umeijua pochi yake.

#28 Ticha_Hesabu
Hapo umenikamata. Nadharia yangu inadhani wote wana akiba.

#29 Mgeni_wa_Usukani
Wakuu nimefaidi kuliko nilivyotegemea. Swali la kiutendaji. Wikiendi huwa nafikiria kuliweka gari kwenye teksi za mtandaoni, mara mojamoja. Kwenye fomu nimejaza "binafsi". Kuna shida?

#30 Nzi_wa_Majengo
Jaza binafsi, abiria ni rafiki zako uliokutana nao kwenye programu. 😂

#31 Bi_Tathmini
Mgeni, usimsikilize Nzi. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote kwa mteja wa kwanza. Swali la binafsi au biashara ndilo linalomtenganisha mtulivu na yule wa barabara ndefu kwenye hesabu ya Ticha #7. Ukijibu vibaya, unalipia bei ya kundi moja huku ukibeba hatari ya jingine.

Na halijulikani siku ya kulipa ada. Linajulikana siku ya dai. Maelezo yako polisi yatasema kulikuwa na abiria, abiria ataeleza alikuwa anatoka wapi na alilipa kiasi gani. Kampuni itatoa fomu yako, itasoma "binafsi", na ina haki ya kukataa dai. Umelipa 578,200 ukapata karatasi. Kama kuna uwezekano, hata wa Jumamosi mbili kwa mwezi, mwambie wakala sasa, akupe bei ya matumizi hayo. Na ukianza baada ya kusaini, toa taarifa kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza.

Mengine matatu ya Ijumaa. Fomu ijaze mwenyewe kwa mkono wako, usimwachie wakala aweke vema kwenye "hapana" zote ili amalize haraka. Sahihi ni yako, si yake. Omba nakala ya fomu na zile picha, maana picha zinakulinda na wewe pia: zikionyesha taa ya kulia ilikuwa nzima, hakuna wa kusema ilikuwa imevunjika. Ukishalipa, ingiza namba ya usajili wa gari tiramis.tira.go.tz uone bima yako imeingia na aina ya kinga inasomeka vile ulivyonunua. Isipoonekana, usiondoke ofisini.

#32 Dereva_wa_Ihumwa
Ongeza thamani. Aweke milioni 20 badala ya 14, gari likiungua anunue jipya.

#33 Bi_Tathmini
Dereva jamani. Ataongeza ada yake kutoka 490,000 hadi 700,000 kabla ya VAT, na gari likiungua atalipwa thamani ya soko siku hiyo, kama milioni 14. Kampuni haiwezi kukubali gari lenye faida likiungua kuliko likitembea. Hapo ndipo kiberiti kinapoanza kuonekana kama mtaji.

#34 Nzi_wa_Majengo
Bi ameshindwa kumjibu bila kumtaja kiberiti. Dereva wewe unaangaliwa.

#35 Mkulima_wa_Kongwa
Mbukwenyi. Mmezungumza magari tu. Huku tuliletewa bima ya mazao, wakasema hawaji shambani kabisa, wanapima mvua kwa setelaiti, mvua ikipungua chini ya kiwango mnalipwa wote. Alizeti yangu ikikauka hawaulizi. Hii nayo ina hofu hizo mbili?

#36 Ticha_Hesabu
Hiyo imetengenezwa makusudi kuzikwepa. Huwezi kuishusha wala kuipandisha mvua, kwa hiyo kulegea hakukulipi: ukipalilia vizuri mavuno ni yako na fidia ipo palepale. Na mkulima mvivu halipwi zaidi ya hodari, kwa hiyo hana sababu ya kuikimbilia zaidi yako.

Gharama yake iko kwingine. Setelaiti inaweza kuiona mvua ya tarafa nzima kuwa nzuri wakati wingu liliruka shamba lako, na usilipwe kitu ukiwa na alizeti kavu mkononi. Au wadudu wameila, mvua ilikuwa tele: hulipwi. Kabla ya kulipa uliza mvua inapimwa kwa eneo la ukubwa gani, kuanzia tarehe gani hadi ipi, na chini ya milimita ngapi ndipo wanalipa. Tarehe ni muhimu kama milimita. Ukipanda wiki tatu baada ya dirisha lao kufunguka, mnahesabu misimu miwili tofauti.

#37 Mkulima_wa_Kongwa
Na kama wanauza mpaka Januari, nikashaona mvua za Desemba zimegoma, ndipo nikate?

#38 Msomaji_wa_Kilimani
Haha, mkulima kaigundua hofu ya kwanza peke yake. Ndiyo maana mauzo hufungwa kabla ya msimu. Kampuni ikiacha dirisha wazi mpaka mbingu zijieleze, itauza miaka mibaya tu.

#39 fundi_bodi_Chang'ombe
Mgeni, kabla hujapotea. Ukikwaruza kidogo usikimbilie kudai. Bampa na taa, tuseme 450,000. Asilimia 10 ni 45,000 lakini kima cha chini ni 200,000, kwa hiyo unapata 250,000. Ukidai, mwakani unapoteza punguzo la kutodai. Kama ni asilimia 10 ya 490,000, ni 49,000. Umebaki na 201,000, na gari limekaa kwangu wiki mbili likisubiri idhini. Kazi ya 260,000 utapata 60,000, utoe 49,000, ubaki na 11,000. Nauli ya bodaboda ya kufuatilia.

#40 Bi_Tathmini
Hesabu safi, ila soma mkataba: mingi inataka utoe taarifa ya ajali hata kama hudai, hasa kama kuna mtu mwingine aliyegongwa. Kunyamaza kisha mwenzako akaja kudai baada ya miezi miwili kunaweza kukuharibia.

#41 Mgeni_wa_Usukani
Nimerudi kwa wakala leo. Nimebadili jibu la matumizi, kasema bei ya biashara atanipigia kesho, na kashangaa nimedai nakala ya picha. Nikamuuliza pia kama wana ule mkataba wa ada ndogo na eksesi kubwa wa Ticha #26. Kasema kuna kampuni moja inao, ila "wateja wa hapa hawaupendi". Fundi, naona ulikuwa sahihi kuhusu pochi.

#42 Ticha_Hesabu
Au hawaupendi kwa sababu wote wanajijua ni wagongaji.

#43 fundi_bodi_Chang'ombe
Njoo gerejini Jumamosi tuwahesabu.